Ubao wa chumba cha kuswalia kutoka Hamburg: saa na siku zake kwa Kiarabu

*Asalaam aleikum ustadhi. Mwanangu yuko Hamburg, Ujerumani. Yeye na wenzake wa pwani wamepata chumba cha kuswalia, wakatundika ubao wa Kiswahili wenye saa za kufungua na shughuli zao. Siku hizi wanaswali na Wasudani, Wasyria na Wamoroko, ndipo akaupiga picha ubao na kuniomba niufasiri kwa Kiarabu, maana nilisoma chuoni zamani. Nimeandika, lakini jirani yangu aliyewahi kuishi Maskati amesoma akasema watu watakuja siku nyingine na saa nyingine. Nimekosea wapi? Nakutumia picha na nilichoandika.*
*Mama wa Kibokoni, Mombasa*

Waaleikumu salaam warahmatullah, dada yangu. Jirani yako amesema kweli, ila usivunjike moyo, kwa sababu Kiarabu chako chenyewe ni kizuri. Hati imenyooka na sarufi haina kasoro kubwa. Ulichofanya ni kufasiri namba zilizo ubaoni, na namba za Kiswahili, ziwe za saa, za siku au za miezi, hazianzi kuhesabiwa pale zinapoanzia za Kiarabu. Ukilijua hilo, karibu kila kosa lililo kwenye karatasi yako linajieleza lenyewe.

Nimeikuza picha na kuusoma ubao mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza unasema chumba kiko wazi Jumatatu hadi Alhamisi, saa 6:00 mchana hadi saa 2:00 usiku. Wa pili: Ijumaa, khutba saa 7:30 mchana. Wa tatu, ulioandikwa kwa kalamu ya rangi nyingine: madrasa ya watoto, kila Jumamosi, 10:00 – 12:00. Wa nne: darsa la akina mama, kila Jumapili baada ya Alasiri. Wa tano: dhikri, usiku wa Ijumaa baada ya Isha. Wa sita: Mauludi, usiku wa mwezi 12 Mfungo Sita.

Tuanze na saa. Khutba ya saa 7:30 mchana umeiandika الساعة السابعة والنصف ظهرًا. Mwarabu akisoma hapo atakwama, kwa sababu kwake السابعة ni saa moja yetu, ya asubuhi au ya usiku, na neno ظهرًا linamwambia ni mchana. Saa ya namna hiyo haipo kwake. Atafanya nini? Pengine ataamini namba na kulidharau neno la mchana, aje saa moja u nusu jioni akute khutba imekwisha zamani. Saa saba u nusu mchana kwa Kiarabu ni الواحدة والنصف ظهرًا.

Njia ya kugeuza unaijua, maana ukivaa saa ya mkononi unaifanya kila siku bila kufikiri: saa moja hadi saa sita unaongeza sita, saa saba hadi saa kumi na mbili unapunguza sita. Tabu ni kwamba mtu akishika kalamu kufasiri, macho huiona 7 na mkono ukaandika sabaa. Ninachowashauri wanafunzi wangu ni hiki: kabla ya kuandika neno lolote la Kiarabu, chukua karatasi ya pembeni na uandike kila saa ya ubaoni kwa mtindo wa saa 24. Saa 6:00 mchana ni 12:00. Saa 2:00 usiku ni 20:00. Saa 7:30 mchana ni 13:30. Kisha ufunike ubao wa Kiswahili, ufasiri kutoka kwenye karatasi hiyo tu. Saba ikiwa haipo mbele ya macho yako, haitaingia kwenye Kiarabu chako.

Utakutana na wazee watakaokwambia kwamba Waarabu nao walihesabu saa kama sisi. Ni kweli. Kulikuwa na hesabu ya kuanzia kuzama kwa jua, ikiitwa التوقيت الغروبي, na huko Hijazi ilitumika hadi ndani ya karne ya 20. Lakini Msyria au Mmoroko wa leo aliyeko Hamburg hajakua nayo, na wewe unamwandikia yeye.

Sasa jina lenyewe la saa. Kiarabu sanifu hutaja saa kwa mpangilio, na kwa umbo la kike, kwa kuwa الساعة ni neno la kike: الثانية، الثالثة، الرابعة. Inayovunja kanuni ni saa ya kwanza peke yake, ambayo huitwa الواحدة na si الأولى. Kwenye kumi na moja na kumi na mbili sehemu zote mbili hubeba alama ya kike, الحادية عشرة na الثانية عشرة. Wewe uliandika الثانية عشر, na hilo ni kosa utakaloliona hata kwa Waarabu wenyewe, lakini ubaoni lisionekane. Nusu ni والنصف, robo ni والربع, na kasorobo ni إلا ربعًا baada ya saa inayofuata, vilevile tunavyosema sisi: saa nane kasorobo mchana ni الثانية إلا ربعًا.

Halafu kuna neno la kuonyesha ni wakati gani wa siku, na hapa nakuomba uwe mwangalifu zaidi kwa sababu ubao ni wa mahali pa swala. Kwa 13:30 wengi wangeandika بعد الظهر, na katika ofisi au hospitali ni sawa kabisa. Lakini mtu anayeingia kuswali akisoma بعد الظهر anaweza kufahamu "baada ya swala ya Adhuhuri". Andika ظهرًا, utata utoke. Na saa mbili usiku usiiite ليلًا. Sisi tunaanza kusema usiku mara tu jua likizama, lakini kwa Kiarabu saa 8:00 ni مساءً, na ليلًا huachiwa saa za kuingia kulala. Mwezi wa Juni saa hiyo huko Hamburg jua lingali juu, hivyo ليلًا ingekuwa kichekesho kwa anayesimama mlangoni.

Nije kwenye siku, ambako kosa lako limejificha vizuri. Jumatatu hadi Alhamisi umeiandika من الثلاثاء إلى الخميس. Alhamisi iko sawa, na kwa sababu iko sawa, jicho linapita bila kushtuka. Lakini الثلاثاء ni Jumanne. Umewafungia mlango Waarabu siku nzima ya Jumatatu. Hesabu yetu ya siku inaanzia baada ya Ijumaa: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili, nayo wanaiita الأحد, ya kwanza. Kwa hiyo namba iliyo ndani ya jina letu siku zote inazidi ya kwao kwa moja: Jumapili ni الأحد, Jumatatu ni الاثنين, Jumanne ni الثلاثاء, Jumatano ni الأربعاء. Jumamosi kwao haina namba, ni السبت. Alhamisi na Ijumaa tulizichukua kwao kama zilivyo, ndiyo maana tuna siku mbili zenye "tano" ndani yake, Jumatano na Alhamisi, zimefuatana.

Ndiyo sababu madrasa ya Jumamosi umeipeleka الأحد, na darsa la Jumapili umelipeleka الاثنين. Kila kitu kimesogea siku moja mbele. Kipimo cha haraka cha kugundua kosa hili ni kuhesabu idadi ya siku. Ubao wa Kiswahili una siku nne za kufungua, Kiarabu chako kina tatu. Zisipolingana, rudi nyuma.

Jambo dogo hapo hapo: "kila Jumamosi" ni كل يوم سبت, bila ألـ. Ukiandika كل السبت unakuwa umesema Jumamosi yote, kutwa nzima. Ukitaja siku yenyewe, basi ألـ inarudi: يوم السبت.

Mstari wa tano ndio ningekaa nao zaidi kuliko yote, kwa kuwa hapo kamusi haitakusaidia. "Usiku wa Ijumaa" ni usiku gani? Kwa wazee wetu hapa Mombasa na Lamu, usiku hutangulia mchana wake. Jua la Alhamisi likizama, Ijumaa imeingia, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kiarabu cha vitabuni kiko hivyo hivyo: ليلة الجمعة ni Alhamisi baada ya Magharibi. Tatizo ni watu wawili. Kijana wa Kiswahili aliyekulia mjini, na hasa aliyekaa Ulaya, anaweza kuandika "usiku wa Ijumaa" akikusudia Ijumaa jioni. Na Mwarabu wa leo naye, kwa kuwa tarehe yake inabadilika saa sita za usiku, anaweza kusoma ليلة الجمعة akafahamu Ijumaa jioni. Wote wawili wanaweza kukosea, na wote wawili wana sababu.

Ubao unatupa dalili kidogo. Mstari wa kwanza unasema chumba hufunguliwa Jumatatu hadi Alhamisi na hufungwa saa mbili usiku. Pembeni mwa ubao, kwenye misumari, nimeona makoti mazito yametundikwa, kwa hiyo picha ni ya majira ya baridi. Desemba huko Hamburg jua huzama kama saa kumi jioni, na Isha huingia kama saa kumi na mbili. Dhikri ya Alhamisi baada ya Isha basi inaenea vizuri kabla ya kufunga saa mbili. Ijumaa, kwa mujibu wa ubao, hakuna saa za kufungua zaidi ya khutba. Ninaelekea kuamini ni Alhamisi. Lakini kuelekea kuamini hakutoshi kuwatoa watu majumbani kwenye baridi, kwa hiyo muulize mwanao, na muulize hivi: "Dhikri yenu ni kabla ya swala ya Ijumaa au baada yake?" Usimuulize "ni usiku wa Ijumaa?", atajibu ndiyo na mtakuwa pale pale.

Akithibitisha, andika yote mawili: مساء الخميس (ليلة الجمعة). La kwanza linamwambia mtu siku ya kutoka nyumbani, la pili linamwambia ni usiku wenye fadhila anaoujua. Kama ni Ijumaa jioni, andika مساء الجمعة peke yake na usiliguse neno ليلة. Uangalifu huo huo utauhitaji Ramadhani wakianza kisimamo cha usiku. "Jumamosi saa nane usiku" ni ya kuamkia Jumamosi au ya kuamkia Jumapili? Ikifika hapo, taja siku mbili: ليلة السبت إلى الأحد, na saa 2:00 mbele yake.

Mauludi yako chini ya kanuni hiyo hiyo, ila yana mtego mwingine wa hesabu. Mfungo Sita umeufasiri جمادى الآخرة, na nadhani umehesabu miezi sita kuanzia Muharram. Lakini mifungo yetu inahesabiwa tangu tulipofungua: Shawwal ni Mfungo Mosi, Dhulkaada Pili, Dhulhija Tatu, Muharram Nne, Safar Tano, na Mfungo Sita ni ربيع الأول. Hata bila hesabu, Mauludi ya kuzaliwa Mtume swalla Allahu alaihi wasallam yasomwe Jumada ya pili yangemshangaza kila msomaji. Andika ليلة 12 ربيع الأول, kisha uache nafasi ya siku na tarehe ya Kizungu, waijaze wao mwezi ukiandama. Tarehe hiyo iwe ya ile jioni watakayokusanyika, si ya mchana unaofuata. Jina la mwezi wa Kizungu liandikwe pamoja na namba yake, kwa sababu Msyria anasema نيسان, Msudani anasema أبريل, na Mmoroko ana majina yake kwa baadhi ya miezi, kama Agosti anayoiita غشت. Namba ya mwezi wote wanaisoma.

Nimeuacha nyuma mstari wa tatu kwa makusudi, huo wa kalamu nyingine: 10:00 – 12:00. Hauna neno "saa", hauna asubuhi wala jioni. Wewe umeuandika saa nne hadi saa sita za jioni kwa Kiarabu, yaani umeusoma saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili, na kwa mtu wa Mombasa usomaji huo ni wa kawaida kabisa, maana watoto wetu wengi huenda chuoni jioni. Lakini aliyeandika ni mtu anayeishi Ujerumani, ambako treni, shule na simu zote zinafuata saa 24. Kwake 10:00 ni saa nne asubuhi. Nakuta mistari mingine yenye namba za saa ina neno "saa" na ina "mchana" au "usiku", huu peke yake hauna. Nahisi umeandikwa na kijana, baada ya ubao kukamilika, kwa hesabu ya huko. Tena majira ya baridi saa kumi jioni ndipo Magharibi inapoingia, na madrasa inayoanza na adhana ingekuwa tabu kwa mwalimu. Ninaegemea asubuhi, 10 hadi 12. Thibitisha kwa swali lisilotaja saa: "Watoto wanasoma kabla ya Adhuhuri au baada ya Alasiri?"

Ungali hapo, litazame umbo la namba. Wajerumani huandika 1 kwa mkia mrefu wa kupandia, hata mtu wa kwetu akadhani ni saba, na saba yao huipiga kistari katikati. Kwenye mstari wa pili saba ina kistari, kwa hiyo ni saba kweli, ya saa za Kiswahili. Ingekuwa haina, ingekuwa 1:30 ya saa za huko. Ajabu ni kwamba zote mbili zinaangukia 13:30, hivyo khutba imesalimika kwa vyovyote. Pia 13:30 inaingia akilini: wakati wa kiangazi Adhuhuri ya Hamburg huingia kati ya saa saba na robo na saa saba u nusu, na wakati wa baridi huwa imekwisha ingia muda mrefu, kwa hiyo wakati huo mmoja wa khutba unawafaa mwaka mzima bila kubadilisha ubao.

Mstari wa nne na wa tano haina saa, ina swala. Hapo usijaribu kuwasaidia kwa kuweka saa. Hapa kwetu Magharibi haitoki sana mahali pake, ni kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na kukaribia saa moja kasorobo mwaka mzima, ndiyo maana tunaweza kusema "saa kumi na mbili u nusu" na mtu akafahamu Magharibi. Hamburg Magharibi inatoka saa kumi jioni Desemba hadi karibu saa nne usiku Juni, na Isha ya Juni inategemea kukadiria, kwa kuwa weupe wa anga hautoweki usiku kucha. Tena saa zenyewe husogezwa: Jumapili ya mwisho ya Machi mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba nyuma. Ukiandika saa, itakuwa ya uongo baada ya wiki chache. Acha بعد صلاة العصر na بعد صلاة العشاء. Na mwambie mwanao, kwa heshima, kwamba kufunga saa mbili usiku pamoja na dhikri baada ya Isha haviwezekani kiangazi. Huo ni uamuzi wao, wewe usiurekebishe kimya kimya kwenye Kiarabu.

Neno صلاة hapo si pambo. Uliandika بعد العشاء. Bila irabu, neno la swala ya Isha na neno la chakula cha usiku yanaandikwa sawasawa, na kwenye ubao wenye shughuli na watu wanaokula pamoja, mtu anaweza kufahamu "baada ya kula". Neno moja la صلاة linamaliza shaka. Vilevile مدرسة الأطفال. Kwa Mwarabu مدرسة ni shule, yenye darasa la hesabu na mwalimu mkuu. Madrasa yetu iite دروس القرآن للأطفال. Chumba chenyewe ni مصلى, ulipatia.

Kabla sijakuandikia ubao kamili, kuna suala la tarakimu na kistari. Wasudani na Wasyria wamezoea ٠١٢٣, Wamoroko hutumia 0123 kama sisi. Kwa kuwa wote hao wako Ujerumani na wanazisoma 0123 kila siku, tumia hizo. Tarakimu za mashariki zina ٥ inayofanana na sifuri na ٦ inayofanana na saba kwa asiyezizoea, na ubao wa saa si mahali pa kubahatisha. Kistari cha "10:00 – 12:00" kiondoe kabisa. Maandishi yanayotoka kulia yakikutana na namba zinazotoka kushoto, programu moja huziweka huku, nyingine kule, na msomaji hukuta chumba kinafunguliwa saa sita na kufungwa saa nne. Andika من الساعة … إلى الساعة …, maneno hayageuki.

Ubao, kwa sharti kwamba mwanao athibitishe mstari wa tatu na wa tano, ni huu:

مصلى الجالية

المصلى مفتوح من الاثنين إلى الخميس، من الساعة 12:00 ظهرًا إلى الساعة 8:00 مساءً.

صلاة الجمعة: تبدأ الخطبة الساعة 1:30 ظهرًا.

دروس القرآن للأطفال: كل يوم سبت، من الساعة 10:00 صباحًا إلى الساعة 12:00 ظهرًا.

درس النساء: كل يوم أحد بعد صلاة العصر.

حلقة الذكر: مساء كل خميس (ليلة الجمعة) بعد صلاة العشاء.

المولد النبوي: ليلة 12 ربيع الأول، مساء يوم ........ الموافق ........

Kwenye mstari wa dhikri nimeongeza كل kwa kufahamu kuwa ni kila wiki. Ubao hausemi hivyo waziwazi, kwa hiyo likague hilo pia. Saa hizi zote ni za Hamburg. Usizilinganishe na za hapa, ingawa wakizungumza nawe kwa simu utaona wako nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi.

Nina maombi mawili kwa mwanao. Kwanza, akupigie picha nyingine ya karibu, akae mbele ya ubao na si ubavuni, taa isimulike kioo, halafu aitume kama faili na si kama picha ya kawaida ya WhatsApp, ili maandishi yasififie na tarehe ya kupigwa ibaki. Ya kwanza imefunikwa pembe ya chini na karatasi nyingine, na siwezi kujua kama chini yake kuna mstari wa saba. Pili, kabla ya kutundika, ampe Kiarabu hiki mmoja wa Wasudani au Wamoroko ambaye hajui Kiswahili, na asimuulize kama ni kizuri. Amuulize: ukitaka kumleta mtoto, utamleta siku gani, na utamfuata saa ngapi? Na dhikri, utatoka nyumbani siku gani? Majibu yakilingana na anayoyajua mwanao, watundike. Yasipolingana, niletee jibu alilotoa yule bwana kama alivyolisema, nitajua neno gani limempoteza.